Pensheni ya Uingereza: kwa nini ukichukua mkupuo wanakukata kama tajiri?

Chungu_Tamu
Wakuu, huu ni uonevu. Mtu ana miaka 60, hana kazi wala kipato kingine mwaka huu wa kodi. Anatoa pauni 20,000 kwenye mfuko wake binafsi wa pensheni. Robo haikatwi, zinabaki 15,000. Kwa mwaka anaruhusiwa 12,570 bila kodi, kwa hiyo deni lake halisi ni asilimia 20 ya 2,430, yaani pauni 486. Kampuni inamkata zaidi ya 5,100! Kwenye karatasi ya malipo wameandika 1257L M1, basi.

Mzee_wa_Hesabu
Hiyo M1 ndiyo mchawi. Kampuni ikikulipa mara ya kwanza bila msimbo wako wa kodi, inachukulia utapokea 15,000 kila mwezi. Ruhusa ya mwaka inagawanywa kwa 12, unabaki na 1,048 tu. Madaraja nayo vivyo hivyo: 3,142 zinazofuata zinakatwa asilimia 20, kisha 7,287 asilimia 40, na 3,523 za mwisho asilimia 45.
Hela hizohizo angezipokea 1,250 kila mwezi, angekatwa kama pauni 40 tu kwa mwezi. Sheria ni ileile, kinachomuumiza ni hesabu ya mwezi mmoja.

Dada_Reading
Ajaze P50Z, watamrudishia.

Mzee_wa_Hesabu
Ni kweli nusu, dada. P50Z ni ya aliyemaliza mfuko wote na hana kipato kingine. Kama mfuko umeisha lakini ana kazi au pensheni nyingine, ni P53Z. Kama mfuko bado una hela na hatatoa tena mwaka huo, ni P55. Akikosea fomu, anaanza upya. Asipojaza yoyote, hesabu husawazishwa baada ya mwaka wa kodi kuisha, tarehe 5 Aprili.

Nyati_254
Nyinyi mnaonewa kweli. Huku Kenya tangu 27 Desemba 2024 ukifikisha umri wa kustaafu wa mfuko wako hukatwi, uchukue mkupuo au kila mwezi. Mimi nataka kutoa yangu sasa, nina 44, miaka tisa kwenye mfuko. Nitakatwa?

Dada_Reading
Kabla ya umri huo husamehewa aliyetimiza miaka 20 ya uanachama au mgonjwa; wewe hujatimiza, na hujasema wewe ni mgonjwa. Utakatwa. Fungua uzi wako, kaka.

Chungu_Tamu
Turudi kwetu. Kwa nini mstaafu aikopeshe serikali pauni 4,600 halafu aombe kwa fomu?

Mzee_wa_Hesabu
Atoe kidogo kwanza, hata pauni 100, asubiri msimbo mpya usio na M1, ndipo achukue kubwa. Si kila kampuni inakubali kiasi kidogo hivyo, aulize mapema. Na kama anapata pensheni ya serikali, ikumbukwe inakula ile 12,570 ingawa yenyewe hulipwa bila kukatwa.

Mpita_Njia_Unguja
Na aliyekwisha rudi nyumbani moja kwa moja, fomu ni hizohizo?