Kompyuta 30: /27 au /26?

Mwanafunzi_Lindi: Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Najiandaa kwa mtihani wa CCNA, na katika mazoezi nimeulizwa maski inayotosha kompyuta 30 ndani ya 192.168.10.0. Nimejibu /27, kwa kuwa hubaki biti 5, yaani anwani 32, na ukitoa mbili unapata 30 kamili. Majibu yanasema /26. Mwezi ujao napanga mtandao wa ghala la korosho hapa Lindi, hivyo sitaki kukariri tu.

Bandari_Mtwara: Marahaba. Je, swali limetaja ruta? Na ghalani kuna vifaa vingapi?

Mwanafunzi_Lindi: Limesema “kompyuta 30 na ruta yao”. Ghalani kuna kompyuta 19 na printa 2, simu sijazihesabu.

Bandari_Mtwara: Hapo ndipo ulipoteleza. Ruta nayo hukalia anwani moja katika saabneti hiyohiyo, kwa hiyo unahitaji 31. Katika /27 ya kwanza, .0 ni ya mtandao wenyewe na .31 ni ya matangazo kwa wote, ukiipa ruta .1, kompyuta zinabaki na .2 hadi .30, ambazo ni 29. /26 inakupa 62.

Mwalimu_Masasi: Ni kweli, na kanuni ya kutoa mbili hutumika daima.

Bandari_Mtwara: Si daima, Mwalimu. Tangu RFC 3021 ya mwaka 2000, kiungo cha ruta mbili kinaweza kutumia /31, na anwani zote mbili zikatumika.

Fundi_Newala: Mdogo wangu, zihesabu simu kwanza. Katika ofisi moja niliweka /27 kwa sababu kompyuta zilikuwa 18. Asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri, lakini ikifika saa nne, wafanyakazi wakishaunganisha simu zao, kompyuta ya mhasibu ilikuwa inakatika. Nilibadilisha nyaya, kisha swichi, siku mbili nzima, mpaka nilipoandika `ipconfig` nikaona hivi:

```
Autoconfiguration IPv4 Address. . : 169.254.83.12
Subnet Mask . . . . . . . . . . . : 255.255.0.0
```

Anwani za DHCP zilikuwa zimekwisha, na kompyuta ilikuwa imejipangia yake. Hata simu za wageni walioondoka zilikuwa bado zimeshikilia zao, maana muda wa kuzimiliki haujaisha.

Mama_Mikindani: Mimi duka langu lina 255.255.255.0 na printa haionekani. Nibadilishe kompyuta iwe 255.255.255.192?

Bandari_Mtwara: Hapana, dada. Ukibadilisha kompyuta peke yake, nayo ikiwa .70, itajiona iko kati ya .64 na .127, na ruta iliyo .1 itakuwa nje ya mtandao wake. Tazama kwanza printa yenyewe ina anwani gani.

Mwalimu_Masasi: Kwa ghala mimi ningeweka /24. Anwani hizi za ndani hazilipiwi. Kwa nini tuzibane?

Fundi_Newala: Sikubaliani, Mwalimu. Simu zipewe saabneti yake, zisichanganyike na kompyuta za mizani.

Mwanafunzi_Lindi: Nimeelewa kosa langu kwenye swali. Kuhusu ghala, kesho nitahesabu simu, kisha nitarudi.