Naomba ushauri: maji kujaa saa za jua kali, nipange vipi siku za watoto?

Wakuu, habari zenu. Tunakwenda ufukweni siku 6 na watoto wawili, miaka 5 na 8. Jedwali linaonyesha siku ya kwanza maji yatajaa saa 4 asubuhi. Kwa kuwa hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kila siku, siku ya nne yatajaa saa 6 na nusu, jua la utosi.

Nimewanunulia fulana za mikono mirefu, na losheni nitawapaka upya kila saa 2 na kila watokapo majini. Kinachonitia hofu ni maji yakianza kupwa. Safari iliyopita mwanangu alisimama maji ya kiuno, boya lake likavutwa kuelekea mlango wa mwamba kabla sijalifikia.

Je, niwaogeshe saa moja kabla ya maji kujaa, kisha tutoke? Na safari ya mashua niisogeze siku ya tano, siku ya nne tupumzike kivulini? Mliopitia haya, nielekezeni.