Picha nne za mimu kuhusu baridi ya Mbeya: ipi inachekesha bila kuelezwa?

Makoti_Mwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Sisi tunauza makoti na masweta ya mtumba hapa Mwanjelwa, na baridi ya mwezi wa 6 ndiyo hiyo inabisha hodi. Tunatafuta picha moja ya kuweka stetasi ya Watsapu na kwenye grupu la wateja. Bei hatuweki, ni ya kuchekesha tu ili watu waisambaze, namba ya simu itakaa kona. Wateja wetu wengi wako Mbeya mjini, wapo wa Kyela na Iringa, na ndugu zetu wa Dar. Sharti ni moja: mtu aione, acheke, asirudi kuuliza "maana yake nini?"

Nimezipandisha zote nne. Kwa mwenye bando dogo nazieleza.

A: Kijana yuko uani asubuhi, kavaa koti na kofia ya sufu. Mbele yake beseni limejaa maji, kachovya ncha ya kidole kimoja tu. Chini kabisa ya picha pameandikwa "Nishaoga."

B: Ile picha maarufu ya kijana anayetembea na mpenzi wake huku kageuka kumtazama dada mwingine. Kijana kaandikwa "Mimi alfajiri", mpenzi "Ndoo ya maji", dada anayepita "Blanketi".

C: Picha mbili za abiria yule yule. Ya kwanza kavaa singlendi, imeandikwa "Kyela". Ya pili kajifunika shuka, taulo na mfuko wa salfeti, imeandikwa "Uyole".

D: Paka kalala katikati ya majivu ya jiko la mkaa, manyoya yamekuwa ya kijivu. Juu kuna maneno: "Baridi ya Mbeya si mchezo jamani, mpaka paka wetu ameona bora alale ndani ya jiko kwa sababu ndiko kwenye joto."

Pigeni kura na mseme kwa nini.

kijana_wa_Iyunga:
B, hakuna mjadala. Ile picha dunia nzima inaijua, kwa hiyo haihitaji maelezo. Ukitumia picha ambayo watu wameshaizoea, nusu ya kazi imekwisha. C ndiyo mbovu kuliko zote, haina hata sentensi moja.

KamweneIringa:
Mimi nimecheka C mpaka abiria wenzangu wakanigeukia. Nimewahi kupanda gari Kyela jasho linatiririka, tulipofika Uyole nikawa natafuta hata gazeti la kujifunika. C kwanza, A ya pili.

fundi_mabango:
Makoti, kabla sijapiga kura nina neno moja. Kura za hapa hazitakusaidia sana. Kichwa cha mada kimeshatwambia ni baridi ya Mbeya, ukaja ukaeleza kila picha. Na aliyeona A akaenda B tayari anajua habari ni ya kuoga asubuhi, kwa hiyo A imemsaidia kuielewa B. Zikikaa pamoja zinaelezana. Mteja wako atakutana na moja peke yake, katikati ya stetasi za harusi na misiba.

Fanya hivi. Tafuta watu ambao hawajasikia habari hii, kila mmoja aone picha moja tu. Iweke kwanza kwenye stetasi ya simu nyingine ili aione kwa ukubwa ule ule atakaoiona mteja. Mpe simu, nyamaza, usitabasamu. Baada ya sekunde tano hivi ichukue, umuulize "umeona nini?" Usimuulize kama inachekesha. Watu wetu wana adabu, atacheka kukuridhisha. Akiweza kukusimulia kilichotokea kwenye picha, imeeleweka. Kama alicheka kabla hujauliza, hapo umepata.

Mzee_Makete:
Vijana, kwa makoti mimi nashauri lile la yule wa beseni, linaonekana lina manyoya ndani. Kwetu Makete hayo ndiyo yanafaa. Je, mnayo ya saizi ya mtu mnene?

Makoti_Mwanjelwa:
Shikamoo mzee wangu. Yapo, nitakutumia picha pembeni. Hapa tunachagua kichekesho, siyo koti.

Mzee_Makete:
Marahaba. Basi nimeelewa. Wajukuu zangu hunitumia hizo picha. Nikiuliza wananieleza vizuri tu, lakini nikishaelezwa sicheki tena, naitikia "ahaa" basi. Hiyo ya paka nimecheka kabla sijavaa miwani.

binti_wa_Tukuyu:
Fundi, nimefanya ulivyosema, niko saluni na wateja hawakosekani.

A nilimpa dada anayesukwa. Akasema, "Maji ya moto, anayapima kama yamepoa." Hakucheka. Nikamuuliza kama ameona maneno, akasema maneno gani? Nikaangalia, kweli "Nishaoga" imejificha kwenye sehemu ya kuandikia majibu.

B nilimpa mama mwenye saluni. Akasema wamegombana, mwanamume kashikwa ugoni. Maneno hakuyasoma, yalikuwa madogo.

C nilimpa mteja aliyetoka Dar juzi. Akasema, "Huyu kaka kwanza alikuwa na joto, halafu akaumwa malaria."

D nilimpa binti anayejifunza kazi. Akasoma hadi katikati, muda ukaisha. Nikajaribu kwa mwenzake, safari hii nimeziba maneno kwa kidole gumba. Akapiga kelele "paka wa watu jamani!" akaniomba nimtumie.

kijana_wa_Iyunga:
Mama mwenye saluni siyo mtu wa mitandao, hawezi kuwa kipimo. Na D imethibitisha ninachosema siku zote, maneno machache ndiyo bora.

fundi_mabango:
Mama mwenye saluni ni mteja wa masweta, kijana wangu, tena mzuri. Ila kuhusu B una hoja nusu. Ile picha aliipiga Mhispania Antonio Guillem mwaka 2015, ikavuma 2017, na ilienea kwa sababu hata asiyeijua anaona mara moja kinachoendelea: huyu ana wake, macho yako kwa mwingine. Mama kaisoma sawasawa kabisa. Kilichokosekana ni majina ya wale watu watatu. Picha ni ya kulala, na stetasi imesimama, kwa hiyo simu inaifinya hadi upana wake utoshe, juu na chini panabaki peusi, na maandishi yanasinyaa nayo. Ikisambazwa kwa skrinshoti za skrinshoti yanazidi kuchujuka. Ukiitaka, ikate ibaki na wale watatu kuanzia kifua kwenda juu, kila mmoja neno moja kubwa, jeupe lenye ukingo mweusi.

Hata hivyo kosa kubwa la B liko kwenye maana. Yule mpenzi anayeshikwa mkono anasimama mahali pa kitu ambacho tayari ni chako na unapaswa kukitunza. Nani mwezi wa 6 hapa Mbeya amewahi kuwa mpenzi wa ndoo ya maji baridi? Andika "Kazi" pale, au "Kipindi cha asubuhi" kama unawalenga wanachuo, na kijana ataonekana anasaliti kitu kweli.

Sasa A, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu. Kicheko chake kinatokana na maneno kudai jambo na picha kulikanusha. Mtu anasema ameoga, wewe unamwona kichwa hadi mguu ni mkavu. Hiyo tofauti mtazamaji anaiona mwenyewe, na ndiyo maana anacheka. Ila dada wa saluni ana haki. Nimeikuza picha, nyuma ya beseni kuna ukungu wa asubuhi, na ukungu juu ya beseni unaonekana kama mvuke. Kidole kwenye maji yenye mvuke ni mtu anayepima joto, kila mtu nyumbani anakifanya hicho. Ikate upande wa kulia ukungu utoke. Neno liondoe chini, lipandishe juu ya kofia, lakini lisigonge kingo ya juu kwa sababu jina la mwenye stetasi linakaa huko. Likiwa juu mtu anasoma dai kwanza, halafu jicho linashuka kwenye koti, mkono, kidole.

kijana_wa_Iyunga:
Hapo sikubali. Neno likiwa juu unamwaga siri mapema. Bora aone kidole kwanza ashangae, ndipo asome "Nishaoga".

fundi_mabango:
Angeona kidole kwanza, angekwisha kujijibu kwamba maji ni ya moto, kama yule dada. Jibu la kwanza likishakaa kichwani, kulitoa ni kazi.

KamweneIringa:
Na C mnaizika hivi hivi? Aliyeshindwa ni mtu wa Dar. Sisi wa huku tunaijua.

fundi_mabango:
Siiziki. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, mita kama 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini ni karibu 1,700. Aliyepita njia ile ya Tukuyu anajua kwa ngozi yake. Kwake C haihitaji hata herufi ya ziada, tena inamwambia "wewe ni wa kwetu", jambo ambalo A haiwezi. Asiyejua anabaki na malaria. Kwa hiyo inategemea inakwenda kwa nani, na stetasi ya Makoti inaonwa na wote.

KamweneIringa:
Basi tengenezeni yetu ya Iringa: Ruaha Mbuyuni singlendi, ukimaliza kupanda Kitonga ni salfeti. Magari ya Dar yote yanapita pale, kwa hiyo hata wa Dar wataielewa.

binti_wa_Tukuyu:
Kaka, wataielewa waliosafiri mchana. Waliopita Kitonga usiku wamelala hawajui kitu.

Makoti_Mwanjelwa:
Nimeikata A kama fundi alivyosema, neno nimelipeleka juu. Nimempa dereva wa bajaji hapa nje bila kusema chochote. Alicheka, akasema, "Huyu ni mdogo wangu kabisa, anaoga kwa mdomo." Naona hiyo ndiyo inaingia stetasi Ijumaa jioni, ikae saa zake 24. C naipeleka kwenye grupu la Mbeya na Kyela peke yake.

Kinachonisumbua ni D. Bila maneno inawachekesha wote, mpaka Mzee wa Makete. Lakini maneno yakitoka, Mbeya inatoka nayo, na hakuna anayejua inahusu makoti. Inaweza kuwa ya paka wa popote.

fundi_mabango:
Weka neno moja, "Mbeya", dogo juu ya jiko.

binti_wa_Tukuyu:
Hapana fundi, acha ilivyo. Nimeshaituma bila maneno kwa dada zangu Tukuyu, na wa kwanza kajibu, "Huyu paka anahitaji sweta." Sweta kalitaja mwenyewe, sikumwambia.

fundi_mabango:
Huyo dada yako alijua inatoka kwako, na Tukuyu kuna baridi. Mtumie mtu wa Kyela tuone atasema nini.