Shela la bi harusi linabaki na ukijani

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Nina picha ya bi harusi mwenye shela jeupe la neti, amesimama mbele ya miembe. Nataka kumhamishia ufukweni kwa Photoshop. Mwili nimeukata kwa Pen Tool, hauna shida. Kwa shela nilinakili chaneli ya Blue, maana huko majani ni meusi na neti inang'aa, nikaikoleza kwa Levels, nikaifanya maski. Mikunjo imetoka vizuri sana, lakini panapoonyesha bado pana ukijani. Decontaminate Colors ilinilia nyuzi za pembeni.

Je, nipake nyeupe ya shela kwenye leya ya juu, au nipunguze kijani kwa Hue/Saturation? Na shela linapopita mbele ya uso, maski niiache nyeupe kabisa?