Naomba ushauri: Seed ileile, picha tofauti

Wakuu, mteja kaidhinisha picha ya tangazo la juisi niliyotengeneza kwa Stable Diffusion: Seed 48213, Steps 30, CFG 7, ukubwa 1024x1024. Sasa anataka embe liwe nanasi, na picha irefuke iwe 1024x1536.

Nikibadili neno moja tu, chupa inabaki ila vivuli vinahama. Nikibadili ukubwa, inatoka picha nyingine kabisa, maana chengachenga za mwanzo hupangwa kufuata ukubwa.

Nimeamua kuanzia kwenye picha yenyewe iliyoidhinishwa, nafunika embe pekee kwa Inpaint. Denoising strength ikiwa 0.4 napata embe lenye magamba (mteja atacheka), 0.75 nanasi linatoka, lakini ukingo unaonekana. Mnauficha vipi? Na kurefusha, nifanye kabla au baada?