Naomba ushauri: ratiba ya timu 7, nyumbani na ugenini haikai sawa

Habari wadau. Napanga ligi ya shule 7, kila timu ikutane na kila timu mara moja. Nimeongeza timu hewa X ili ziwe 8. Anayepangwa na X anapumzika. Raundi ya 1 iko hivi, kila namba inacheza na iliyo chini yake:

```
X 1 2 3
7 6 5 4
```

X haihami, namba nyingine zinasogea nafasi moja kila raundi kwa mwelekeo wa saa. Raundi ya 2, X yuko na 6, 7 na 5, 1 na 4, 2 na 3. Mechi hazijirudii, raundi 7 zinatimia.

Kinachonikwamisha ni viwanja. Mstari wa juu ukiwa mwenyeji daima, timu 1 inacheza tatu mfululizo nyumbani, kisha tatu ugenini, na nauli zinawaelemea watoto. Nikigeuza wenyeji kila raundi, timu 1 inapata mechi 4 nyumbani, timu 7 inapata 2 tu.

Je, nikibadilisha kwa safu wima, yaani kati ya safu tatu zisizo na X, katika ile ya kati tu mwenyeji awe wa chini, zitapishana hadi mwisho? Na shule yenye mitihani wiki ya 4 nikiipa namba 4 ili ipumzike, kuna kitakachoharibika?