Kupunguza watu kazini: wewe kiongozi uliwaambiaje? Tupeane uzoefu

MamaGhala_Tabora: Mwangaluka wadau. Nasimamia ghala la tumbaku, mwaka juzi kampuni ikataka kuunganisha ghala letu na la Urambo. Tetesi zilitangulia barua. Nikaita kikao nikawaambia kweli nafasi zitapungua, ila nani ataondoka halijaamuliwa na haliwezi kuamuliwa kabla hatujakaa na nyie, na Ijumaa narudi hata kama sina jipya. Ijumaa sikuwa na jipya nikaenda hivyo hivyo. Mama mmoja wa kupanga madaraja akauliza, "Bosi, ule mkopo wa benki nisaini?" Nikamwambia asisaini kwanza mpaka orodha itoke. Aliumia, lakini ningemwambia "usijali" halafu jina lake litoke ningemtazamaje? Wengine mlifanyaje?

HR_Ujiji: Hapo kwenye "halijaamuliwa" ndo penyewe dada. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira ya 2004 kinataka utoe notisi ya kusudio mapema, utoe taarifa zote muhimu, kisha mjadiliane sababu, namna ya kuepuka, vigezo vya kuchagua na malipo. Kama majina yashakaa droone hayo si mashauriano, na kesi ikifika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wataangalia tarehe za mihtasari na barua. Sisi Kigoma wafanyakazi wenyewe walipendekeza tufute ovataimu na wanaotaka waende likizo bila malipo, tukaokoa baadhi ya nafasi. Ungewaita na majina mkononi nani angetoa wazo?

Kasulu_Boy: Mbona rahisi, notisi siku 28 na kiinua mgongo siku 7 kila mwaka. Mtu wa miaka 13 mshahara 520,000 unampa 1,820,000 kwaheri.

HR_Ujiji: Siku 28 sawa kwa wa mshahara wa mwezi, ila kiinua mgongo kinaishia miaka 10 na ni mshahara wa msingi, posho haimo. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki gawa kwa 26, inakuja 20,000 kwa siku, mara 7 mara 10, ni 1,400,000. Ukimtajia 1,820,000 halafu akapokea pungufu hatokuamini tena hata kwenye mengine. Likizo ambayo hajaenda mlipe, na kama aliajiriwa sehemu nyingine kuna kumsafirisha kurudi huko.

Mawese_Tu: Mimi nilifukuzwa sababu ya upotevu wa mafuta wala sikuitwa kujieleza, nitarudishwa?

HR_Ujiji: Pole kaka, hiyo ni nidhamu sio kupunguzwa. Wahi CMA, mwisho siku 30 tangu uachishwe.

Nzega_Dada: Mnaongelea wanaoondoka tu jamani. Kwetu waliobaki waliacha kabisa kuripoti makosa ya mizani, kila mtu anaogopa ndo sababu ya kuwekwa awamu ya pili. Na makao makuu wakisema usitamke kitu mpaka watoe ruhusa, unafanyaje?

MamaGhala_Tabora: Mimi niliwaambia kuna ninayoyajua siruhusiwi kuyasema. Wawili walikasirika mpaka leo. HR wewe ungesemaje?

HR_Ujiji: Hilo bado linanisumbua. Ila nisingesema "hakuna kitu".